Jina litakalochapwa kwenye cheti: kujisajili kozi ya mtandaoni bila kuja kuhangaika baadaye

Watu wengi huku Kigoma wanaoleta malalamiko ya cheti cha kozi ya mtandaoni hawajafeli mtihani. Wamefaulu vizuri tu, cheti kimetoka, na juu yake kimeandikwa "Mama Nuru", au jina la kwanza peke yake, au jina la ukoo lililokosewa herufi moja. Kompyuta haimjui mtu. Inachukua maneno uliyoyaandika siku ya kwanza kwenye fomu ya kujisajili, inayabandika kwenye karatasi yenye nembo na saini, basi. Kwa hiyo kazi ya jina inafanyika mwanzoni, kabla ya somo la kwanza, na mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho. Tuseme kuna mwalimu wa Ujiji, tumpe jina la Zainabu Hamisi Kagoma. Kitambulisho chake cha Taifa kinasema ZAINABU HAMISI KAGOMA. Cheti chake cha kidato cha nne kinasema ZAINAB HAMISI KAGOMA, bila u. Simu yake ina akaunti ya Google aliyofunguliwa na mdogo wake, na humo anaitwa Mama Nuru. Anataka kusoma kozi fupi ya ufundishaji kwenye tovuti ya chuo.

Amua jina kabla ya kugusa simu

Weka mezani kitambulisho cha NIDA na cheti cha shule, uvisome herufi kwa herufi. Usitegemee kumbukumbu. Huku kwetu majina yanayumba sana kwa sababu zinazoeleweka. Pacha mkubwa wa Kiha ni Bukuru, lakini karani aliyetoka mkoa mwingine alimsikia akaandika Bukulu. Tabora kuna Doto na Dotto, wakati mwingine ndani ya nyumba moja. Majina ya Kiislamu ndiyo yana vurugu zaidi: Hamisi na Khamis, Ramadhani na Ramadhan, Zainabu na Zainab. Kwa masikio ni mtu mmoja. Kwa ofisa anayelinganisha nyaraka ni maswali.

Nyaraka zikitofautiana, ufuate ipi? Mimi nasema fuata kitambulisho cha Taifa. Akaunti ya kuombea kazi serikalini, ile ya Sekretarieti ya Ajira, inafunguliwa kwa namba ya NIDA, na benki na usajili wa laini ni hivyo hivyo. Cheti cha kozi fupi kitakaa pembeni ya nyaraka hizo. Ila kama tayari umeanza kushughulikia marekebisho ya jina NIDA, tumia jina unalolielekea, si lile unalolikimbia. Tofauti ya Zainabu na Zainab kati ya NIDA na cheti cha shule ina njia zake, ikiwemo hati ya kiapo, na cheti cha kozi ya mtandaoni hakiwezi kuitatua. Kinachotakiwa ni kisilete toleo la tatu.

Herufi kubwa na ndogo zisikusumbue. "ZAINABU" na "Zainabu" ni jina moja. Lakini ukiandika "zainabu" kwa herufi ndogo mwanzoni, tovuti nyingi zitachapa hivyo hivyo, na cheti kitaonekana cha mtu asiyejali.

Ukishaamua, andika jina hilo kamili mahali unapoandika dondoo kwenye simu, ulikague na kitambulisho, halafu kila fomu utakayokutana nayo nakili kutoka hapo ubandike. Sababu ni kibodi ya simu. Inajifunza maneno unayotumia kila siku, na mkazi wa hapa anaandika "Kigoma" mara nyingi kuliko jina la ukoo lolote. Ukiandika Kagoma ukagusa nafasi, inakurekebishia kuwa Kigoma bila kuuliza, nawe macho yako yameshahamia kwenye sehemu ya imeili. Zainabu Kigoma. Kosa la namna hii halionekani kwa sababu neno lenyewe ni sahihi, ila si la kwako.

Imeili iwe yako

Hapa nitapita haraka, lakini usiruke. Wengi wanasajiliwa steshenari, Mwanga au Ujiji, na kijana wa steshenari ili kuokoa muda anatumia imeili yake mwenyewe. Siku ya kurekebisha jina, tovuti itataka kuthibitisha kwamba ni wewe, na ujumbe utaenda kwake. Fungua imeili yako, paswedi uijue wewe, namba ya simu ya kurudishia iwe laini unayoitumia.

Ukiwa kwenye kompyuta ya watu, angalia pia kama kivinjari hakijazi fomu chenyewe. Kinaweza kujaza jina la mteja aliyetangulia, na sehemu yenye maandishi tayari mtu huwa haisomi. Futa kila kisanduku, uandike upya.

Kujisajili kwenye tovuti ya chuo au shirika

Vyuo vingi, na mashirika mengi yanayofundisha wafanyakazi wao, wanatumia programu moja iitwayo Moodle, hata kama rangi na nembo ni tofauti. Utaitambua kwa anwani. Ukifungua kozi, juu kwenye kivinjari utaona kitu kama hiki:

```
/course/view.php?id=
```

Kama tovuti inaruhusu watu kujisajili wenyewe, bonyeza `Create new account`. Jina la mtumiaji, yaani `Username`, linaandikwa kwa herufi ndogo tupu na halichapwi kwenye cheti, kwa hiyo hapo Zainabu anaweza kuandika `zkagoma` na asiwe na wasiwasi. Paswedi kwa kawaida inataka herufi 8 au zaidi, ndani yake kuwe na herufi kubwa, herufi ndogo, namba na alama kama `*` au `#`. Ikikataliwa, soma maandishi mekundu, yatakuambia kilichokosekana.

Kisha vinakuja visanduku viwili vinavyoamua kila kitu: `First name` na `Last name`. Viwili, wakati Mtanzania ana majina matatu. Hapa ndipo jina la kati linapopotelea. Zainabu akiandika "Zainabu" na "Kagoma", cheti kitasema Zainabu Kagoma, na Hamisi hayupo. Dawa yake ni rahisi: jina la kwanza na la kati yote yaingie kwenye `First name`, jina la ukoo kwenye `Last name`.

```
First name:  Zainabu Hamisi
Last name:   Kagoma
```

Baadaye ukiingia kwenye wasifu wako utakuta sehemu nyingine imefungwa, inaitwa `Additional names`, na ukiifungua kuna kisanduku cha `Middle name`. Kinavutia sana. Watu wanaweka jina la kati hapo, wanahifadhi, wanaona limekaa, wanaridhika. Lakini Moodle ikiachwa ilivyo inaonyesha jina la kwanza na la mwisho tu. Kisanduku cha jina la kati kinatumika pale tu msimamizi wa tovuti alipobadilisha mpangilio wa majina, na wengi hawajabadilisha. Kwa hiyo usikitegemee.

Usiweke "Mwl." au "Bi." au "Dkt." ndani ya jina. Vitachapwa, na kitambulisho chako hakina.

Ukimaliza fomu, tovuti inakutumia imeili yenye kiungo cha kuthibitisha. Isipoonekana, tazama kwenye `Spam`. Usiseme utaibonyeza wiki ijayo ukipata bando: akaunti isiyothibitishwa kwa kawaida inafutwa baada ya siku 7, na utaanza upya. Ukishaithibitisha, ingia, tafuta kozi, bonyeza `Enrol me`. Kozi nyingine zinaomba neno la siri la kuingilia, `Enrolment key`. Hilo halibuniwi, analo mwalimu wa kozi, na mara nyingi limeandikwa kwenye tangazo au limetumwa kwenye kundi la WhatsApp.

Jinsi ya kuona jina la cheti kabla cheti hakijatoka

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda, maana hakihitaji kumsumbua mtu. Kwenye Moodle, maneno yanayochapwa kwenye cheti ni yale yale yanayoonekana unapotajwa ndani ya kozi. Fungua orodha ya washiriki, `Participants`, ujitafute. Kama mwalimu ameificha, bonyeza picha au herufi zako juu kulia, halafu `Profile`, na usome jina lililo juu ya ukurasa. Ukijiona "Zainabu Hamisi Kagoma", ndivyo utakavyotoka. Ukijiona "Zainabu Kigoma", umeligundua mapema.

Kurekebisha: picha yako juu kulia, `Profile`, kisha `Edit profile`. Au, ukiwa umeshaingia, andika mwishoni mwa anwani ya tovuti hiyo:

```
/user/edit.php
```

Visanduku vya `First name` na `Last name` viko juu kabisa. Futa vyote, bandika jina kutoka kwenye dondoo zako, teremka hadi chini, bonyeza `Update profile`. Usipobonyeza hapo hakuna kilichobadilika, hata kama jina jipya ulikuwa unaliona kwenye kisanduku.

Yako mambo mawili yanayoweza kukuzuia. La kwanza, jina linaonekana lakini haliandikiki, kisanduku kimegoma. Maana yake msimamizi amefunga majina, jambo ambalo vyuo hufanya makusudi ili mwanafunzi asijibadilishie jina. Hapo hamna ujanja wa kwenye simu, ni kumwandikia msimamizi. Barua yake iko chini.

La pili linachanganya zaidi. Umebadilisha jina vizuri, limekubali, kesho yake ukiingia umerudi kuwa Mama Nuru. Hilo linawapata wanaoingia kwa kubonyeza kitufe cha Google badala ya paswedi. Baadhi ya tovuti zimewekwa zivute jina kutoka Google kila unapoingia, na likivutwa linafuta ulichoandika. Usipigane nalo kwenye tovuti ya kozi. Nenda kwenye chanzo: fungua `myaccount.google.com`, ingia `Personal info`, bonyeza `Name`, uweke "Zainabu Hamisi" na "Kagoma". Kisha toka kabisa kwenye tovuti ya kozi, uingie tena, utazame. Mtihani wa kwamba jina limekaa ni huo wa kutoka na kuingia, si kuliona mara moja. Ujue tu kwamba kuanzia hapo hata imeili unazotuma zitaonyesha jina hilo. Kama hutaki, afadhali tangu mwanzo ujisajili kwa imeili na paswedi, uache kitufe cha Google.

Coursera na jamaa zake

Kwenye tovuti kubwa za nje, mfano Coursera, mambo mawili ni tofauti: cheti kinalipiwa, na jina linathibitishwa.

Kitufe kinasema `Enroll for Free`, watu wanafurahi. Mara nyingi hiyo bure ni majaribio ya siku 7, na inaombwa kadi. Kadi ya mtandaoni unayoitengeneza ndani ya M-Pesa inaweza kutumika, ila usiposimamisha kabla siku hazijaisha, fedha zitakatwa kila mwezi. Asiye na uwezo atafute kwenye ukurasa wa kozi maneno `Financial aid available`. Ni fomu ya kuomba msaada wa ada: unaeleza kipato chako na kwa nini unataka kozi hiyo, kisha unasubiri jibu, na linaweza kuchukua wiki mbili hivi. Ombi linafanywa kozi kwa kozi. Kusoma bila kulipa wala kupewa msaada hakuleti cheti, hata ukimaliza kila kitu.

Jina liko kwenye `Settings`, kisanduku kinaitwa `Full name`. Ni kimoja, kwa hiyo majina matatu yanaingia yote kwa mpangilio wake bila shida. Ulijisajili kwa Google? Hapo utamkuta Mama Nuru anakusubiri. Mwondoe sasa hivi, kabla ya somo la kwanza. Kwa nini nakazania sasa hivi: kabla ya cheti, Coursera inakutaka uthibitishe kwamba jina lililopo ndilo jina lako halisi. Watu wanabonyeza kukubali kama wanavyokubali masharti ya programu yoyote, bila kusoma. Ukishathibitisha, kisanduku hakibadilishwi tena kwa kuandika tu. Unatakiwa kutuma ombi la kubadilisha jina na picha ya kitambulisho cha serikali, kisha usubiri wakague. Inawezekana, lakini ni kazi ya dakika moja iliyogeuka kuwa mzunguko.

Picha hiyo ya kitambulisho itume ndani ya fomu ya tovuti yenyewe, ukiwa umeingia kwenye akaunti yako. Anayekuomba NIDA kwa WhatsApp akidai ni "ofisi ya Coursera" ni tapeli, mwache aende zake.

Nikiwa hapo hapo, neno moja juu ya mafunzo ya siku moja kwa Zoom, maana nayo yanatoa vyeti. Huko hakuna wasifu. Waandaaji huchukua jina kutoka kwenye fomu uliyojaza, na wengi hulinganisha na orodha ya waliohudhuria. Ukiingia kwenye Zoom ukiwa unaitwa "TECNO SPARK", jina lako kwenye fomu halitapata mwenzake, na hupati cheti kabisa. Badilisha jina unapoingia, au ukiwa ndani kwa `Rename`, liwe sawasawa na la kwenye fomu.

Cheti kimeshatoka kibaya

Sasa tuseme Zainabu hakusoma haya. Amemaliza kozi ya chuo, amebonyeza `View certificate`, kimekuja "Zainabu Kigoma".

Kwanza asikifute na asimwombe mtu akifanyie usanii kwenye kompyuta. Chini ya vyeti vingi kuna namba ya uhakiki au mchoro wa kuskani. Anayekagua akiiingiza, tovuti inamwonyesha jina lililo kwenye kumbukumbu. Cheti kiseme Kagoma, tovuti iseme Kigoma, hapo kosa la herufi moja limegeuka kuwa cheti cha kughushi, na hakuna atakayesikiliza habari ya kibodi.

Pili, aangalie cheti kinatengenezwaje, kwa sababu ziko namna mbili. Namna ya kwanza, cheti kinachapwa upya kila unapokifungua. Namna ya pili, kinachapwa mara moja siku ulipofaulu, kinahifadhiwa kama faili, na kila ukikiomba unapewa faili lile lile la zamani. Kwenye Moodle unaweza kuzitofautisha kwa kusoma anwani ukiwa kwenye ukurasa wa cheti. Ukiona hii, kwa kawaida ni namna ya kwanza:

```
/mod/customcert/view.php
```

Na hii ni ya pili:

```
/mod/coursecertificate/view.php
```

Kwa `customcert`, Zainabu anarekebisha wasifu kama tulivyoona, anarudi kwenye kozi, anabonyeza tena `View certificate`, na jina jipya linatoka. Namba ya uhakiki inabaki ile ile, na uhakiki nao unaonyesha jina lililorekebishwa. Hahitaji kurudia mtihani wala kumpigia mtu simu. Kama tovuti ilimtumia pia nakala kwa imeili, nakala hiyo haitabadilika, iko vile ilivyotumwa.

Kwa `coursecertificate`, kurekebisha wasifu ni nusu ya kazi. Lazima msimamizi atengeneze faili upya kutoka upande wake. Wengi hukwama hapa: msimamizi anarekebisha jina, anajibu "tayari", mwanafunzi anapakua, jina bovu lipo pale pale, wanaanza kulaumiana. Wote wamefanya sehemu yao, ila hakuna aliyegusa faili. Ndiyo maana barua ni vizuri iseme yote mawili. Iwe fupi, iende kwa imeili ya msaada iliyo kwenye tovuti, itumwe kutoka imeili ile ile uliyojisajilia:

"Habari za kazi. Mimi ni mshiriki wa kozi ya (jina la kozi), jina la mtumiaji ni zkagoma. Cheti changu kimetoka na jina Zainabu Kigoma. Jina langu sahihi, kama lilivyo kwenye kitambulisho cha Taifa, ni Zainabu Hamisi Kagoma. Naomba sehemu ya First name isomeke Zainabu Hamisi, na Last name isomeke Kagoma. Baada ya hapo, kama cheti kimehifadhiwa kama faili, naomba kitengenezwe upya. Nimeambatanisha cheti kilichotoka, chenye namba ya uhakiki, na picha ya kitambulisho. Natanguliza shukrani."

Jina sahihi uliandike kwenye barua kwa maandishi, ili msimamizi alinakili. Ukimwambia tu "angalia kwenye kitambulisho", ataliandika kwa mkono, na kibodi yake nayo ina mazoea yake. Kwenye picha ya kitambulisho funika namba kwa kipande cha karatasi kabla ya kupiga. Anachohitaji ni jina na sura. Namba yako ya NIDA haina kazi kwenye kurekebisha cheti cha kozi fupi, na wala usiitume kwenye kundi la WhatsApp la wanakozi hata msimamizi akiwa humo.

Siku kadhaa zikipita kimya, jibu juu ya imeili ile ile badala ya kuandika mpya, ili mtiririko ubaki mmoja. Kama kozi ina mwalimu unayemfahamu, mweleze naye. Walimu wengi hawana ruhusa ya kubadilisha majina, lakini wanamjua aliye nayo, na Mwalimu akimwambia mtu wa kompyuta "msaidie huyu dada" mambo huenda.

Likisharekebishwa, kuna mtego wa mwisho uko kwenye simu. Cheti kipya ukikipakua, simu inakuta jina la faili lipo tayari, inaongeza `(1)` mwishoni. Sasa una mafaili mawili, la zamani lenye jina safi na jipya lenye `(1)`, na mkono unakwenda kwenye lile linaloonekana safi. Fungua yote mawili, soma jina, futa la zamani kwenye simu, na lile jipya libadilishe jina la faili liwe, mfano, `Cheti_Zainabu_Hamisi_Kagoma.pdf`. Kama la zamani ulishalituma kwa mwajiri au kwa ofisi ya elimu, tuma jipya juu ya ujumbe ule ule ukieleza kwa sentensi moja kwamba jina limerekebishwa na mtoa kozi, na uweke kiungo cha uhakiki ili wajionee wenyewe.